UZI: Kengele ya vifaranga inanong'ona usiku badala ya kulia (NTC na BC547)

Fiston_Ruashi

Yambo wakubwa. Mama yangu anafuga vifaranga wa nyama hapa Ruashi, na joto lao linatoka kwenye mbabula mbili za makala. Umeme wa kutegemea hatuna, kwa hiyo balbu za kupasha joto tumeziacha. Shida ni usiku. Makala yakififia saa tisa na wote mmelala, asubuhi unakuta vifaranga wamerundikana pembeni, wale wa chini wamekufa. Na baridi ya Lubumbashi ya mwezi wa sita mnaijua.

Nikatengeneza kengele. Batri ya sola ya volti 12. Juu rezistansi ya kiloomu 100 ikifuatana na potansiometa ya kiloomu 100, chini NTC ya kiloomu 10 inayoshuka hadi masi. Pale katikati yao nimeunga moja kwa moja besi ya BC547, na baza iko kwenye kolekta. Wazo ni kwamba baridi ikiingia NTC inapanda, volti ya katikati inapanda, transista inafunguka, baza inalia, mama anaamka na kuongeza makala.

Mchana nilitumbukiza NTC kwenye bakuli la maji ya vuguvugu pamoja na kipimajoto, nikazungusha potansiometa mpaka baza ianze kulia kwenye digrii 30. Ilikubali kabisa. Lakini usiku kipimajoto kinasoma 25 na baza inanong'ona tu kama mbu nje ya chandarua. Mama hakuamka. Nimebadilisha transista, nimebadilisha baza, ni vile vile. Batri mchana inasoma 13,8, alfajiri 11,8. Tatizo liko wapi?

MayaiTu

Digrii 30 ni kidogo mno ndugu. Weka 37,5 na usisahau kugeuza mayai, la sivyo hayataanguliwa hata moja. Mimi natumia kuveze ya mbao na balbu mbili.

Fiston_Ruashi

Hakuna mayai hapa, yaya. Vifaranga wameshatoka, wana siku chache. Thelathini ni mpaka wa chini wa kuamsha mtu, si joto tunalotaka wakae nalo.

Papa_Kampemba

Jibu umeliandika mwenyewe mstari wa mwisho. 13,8 mchana, 11,8 alfajiri. Transista haijui digrii, inajua volti tu: besi ikifika kama 0,6 inafunguka. Kile ulichokijenga ni kigawa-volti, na kigawa-volti kinagawa chochote kinachoingia juu. Batri ikishuka, sehemu inayobaki kwenye NTC nayo inashuka, basi NTC lazima ipande zaidi ndiyo ifikie ile 0,6. Kupanda zaidi maana yake baridi zaidi. Weka 7805 juu ya kigawa-volti, kipate volti 5 zisizotikisika usiku na mchana, punguza ile rezistansi ya kiloomu 100, rekebisha upya. Kesi imekwisha.

DadaSolda

Papa, kuhusu batri uko sawa, lakini 7805 peke yake haitamwamsha mama. Fiston, weka volti pembeni kidogo, tuhesabu mkondo, kwa sababu hapo ndipo kunong'ona kunapotoka.

NTC ya kiloomu 10 ni ile inayosoma 10 kwenye digrii 25. Kama ni ya kawaida yenye beta ya 3950, kwenye digrii 30 inakuwa karibu kiloomu 8. Ili katikati pawe na volti 0,6 batri ikiwa 13,8, rezistansi yako ya juu pamoja na potansiometa lazima iwe karibu kiloomu 177. Pima, nadhani utakuta hapo hapo. Sasa kupitia kiloomu 177 panashuka mikroampea 75 tu. Hiyo ndiyo hazina yote uliyonayo, na NTC kwenye digrii 30 inaimeza yote, maana 0,6 kugawa kwa kiloomu 8 ni 75. Besi haipati kitu, inaanza tu kuonja.

Joto likishuka hadi 25, NTC inakula mikroampea 60. Zilizobaki 15 zinaingia kwenye besi. BC547 ikizidisha mara 250, baza inapata chini ya miliampea 4. Baza za volti 12 zinazouzwa hapa zinataka kama 25 ndipo zipige kelele za kweli. Na hiyo ni wakati batri ina 13,8. Alfajiri iko 11,8, hazina yenyewe imeshuka hadi mikroampea 63, NTC inakula 60, besi inabaki na 3. Hiyo ndiyo sauti ya mbu uliyoisikia.

Kwa hiyo una maradhi mawili, na yote yanavuta upande mmoja. La kwanza ni la Papa: ukirekebisha 30 mchana, alfajiri transista inaanza kufunguka karibu na 26. La pili ni kwamba hata ikianza, haifunguki ghafla, inafunguka polepole kadiri joto linavyoshuka. Ukiweka 7805 la kwanza linaondoka. La pili linabaki: hata kwenye digrii 20 besi itapata mikroampea 27, na baza itapata kama miliampea 7.

Papa_Kampemba

Basi aongeze transista ya pili nyuma ya ile, mambo ya Darlington. Mkondo utatosha.

DadaSolda

Mkondo utatosha, ndiyo. Lakini Darlington inataka volti 1,2 badala ya 0,6, na volti hiyo ya besi kwa emita inabadilika na baridi, karibu milivolti 2 kwa kila digrii kwa kila transista. Ubao wenyewe uko ndani ya kile kibanda? Au ukutani nje?

Fiston_Ruashi

Uko nje chini ya paa, batri iko hapo. NTC ndiyo imeingia ndani kwa waya mrefu.

DadaSolda

Basi ona. Mchana ukirekebisha ubao una digrii 25, alfajiri una 10. Transista inadai milivolti 30 zaidi kuliko mchana. Na kwenye kigawa-volti chako kila digrii moja ya vifaranga inasogeza katikati kwa milivolti 26 hivi tu. Umepoteza digrii nyingine moja na kitu kwa sababu transista imeona baridi isiyoihusu.

Ile milivolti 26 kwa digrii ndiyo inayonikera zaidi katika mchoro huu. Una volti 12, na kipimo chako kimebanwa pale chini kabisa kwa sababu 0,6 ndiyo transista inayoitaka. Kigawa-volti kinasikia vizuri zaidi kikiwa karibu na nusu, yaani rezistansi ya juu ikilingana na NTC pale unapotaka ibadilike. Weka kiloomu 10 juu, NTC chini, usiunge besi yoyote hapo:

```
V = 12 × 8,04 / (10 + 8,04) = 5,35
```

Hapo kila digrii inasogeza katikati kwa milivolti 127 hivi. Karibu mara tano ya ulichokuwa nacho, kwa NTC ile ile.

Halafu pa kulinganisha unatafuta LM358, ile ya miguu minane, mafundi wa radio wanayo kwenye mabaki. Katikati ya NTC inaingia mguu wa kuongeza, yaani 3. Potansiometa ya kiloomu 10, ncha moja kwenye batri, nyingine masi, mguu wake wa kati unaingia mguu wa kupunguza, yaani 2. Mguu 1 unatoka kupitia kiloomu 10 hadi besi ya BC547. Mguu 8 batri, mguu 4 masi. Baza pale pale ilipo.

Kilicho kizuri hapa: potansiometa nayo ni kigawa-volti, na inakula batri ile ile. Batri ikishuka, zote mbili zinashuka kwa uwiano ule ule, na LM358 inauliza tu ipi iko juu. Digrii 30 mchana inabaki 30 alfajiri bila hata 7805.

Kadutu_Bwoy

Niko Bukavu. Mimi tatizo langu ni kama hilo hilo, ila natumia LDR kwa taa ya barazani. Jua likizama taa inawaka inazima, inawaka inazima kwa dakika nyingi, halafu inatulia. Pia nibadilishe transista?

DadaSolda

Kadutu, taa yako inajiona? Yaani mwanga wake unaifikia LDR?

Kadutu_Bwoy

LDR iko juu ya taa, nimeichomeka kwenye boriti.

DadaSolda

Basi giza linaiwasha, mwanga wake unaizima, giza tena. Igeuze LDR itazame anga, weka kipande cha bomba juu yake. Tukimaliza ya Fiston turudi kwako, maana kuna jambo la rezistansi ya kurudisha linalowahusu wote wawili.

MamaVifaranga

Wanangu, mimi naomba niseme kitu kabla hamjaendelea na hesabu. Mbabula mbili ndani ya kibanda kilichofungwa ni hatari, hata ya vifaranga na hata ya yule anayeingia saa tisa kuongeza makala. Ile hewa ya makala haina harufu. Uache nafasi ya juu wazi, hata kama baridi inaingia. Na hicho kidude chenu kiwe chini, kwenye usawa wa mgongo wa kifaranga. Ukikining'iniza juu kitapima joto lililopanda, wakati chini wanatetemeka.

Fiston_Ruashi

Asante mama. Dirisha la juu tumeacha wazi. NTC ilikuwa juu kweli, nimeishusha.

DadaSolda, nimejenga. LM358 nimepata kwa fundi pale komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Nimerekebisha upya kwenye bakuli la maji, safari hii NTC ikiwa ndani ya kifuko cha plastiki. Baza sasa inapiga kweli, jirani amelalamika. Lakini kuna mawili. Moja, inapokaribia mpaka inakatika-katika kwa muda kabla ya kulia moja kwa moja. Mbili, na hili ndilo linanichanganya: kwenye maji inalia 30 barabara, kwenye kibanda inalia kipimajoto kikisoma 28. Nimeweka kipimajoto na NTC bega kwa bega.

Papa_Kampemba

Maji yalipenya kwenye kifuko. Maji yakigusa miguu miwili ya NTC yanapitisha mkondo, ni kama umeunga rezistansi nyingine pembeni.

DadaSolda

Lingekuwa jibu zuri, Papa, lakini linaelekea upande mwingine. Maji yakipenya, NTC inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Fiston angekuwa amerekebisha kwa namba ndogo, kwa mfano kiloomu 7 badala ya 8. Kwenye hewa kavu NTC ingeifikia ile 7 joto likiwa bado zaidi ya 30, kwa hiyo kengele ingelia mapema. Yake inachelewa.

Nadhani NTC inajipasha joto yenyewe. Kwenye mchoro wa kwanza ilikuwa inapitisha mikroampea 75, hakuna kitu. Sasa kwa volti 13 na kiloomu 18 inapitisha karibu miliampea 0,7, ambayo kwenye kiloomu 8 ni miliwati 4 za joto ndani ya tone dogo kama punje ya mtama. Ndani ya maji joto hilo linachukuliwa mara moja. Kwenye hewa iliyotulia, tone dogo la namna hiyo linapanda digrii moja kwa kila miliwati 1 na nusu mpaka 2. Kwa hiyo NTC ina 30 wakati hewa ina 28.

Papa_Kampemba

Sasa basi arekebishe ndani ya kibanda chenyewe, kwenye hewa, na si kwenye maji. Hiyo tofauti itaingia ndani ya marekebisho.

DadaSolda

Inaingia, ila haikai mahali pamoja. Joto hilo linafuata mraba wa volti: batri ikitoka 13,8 hadi 11,8 linashuka kwa zaidi ya robo, ambayo ni nusu digrii au zaidi kidogo. Na upepo ukiingia kwenye dirisha la mama linabadilika tena. Hapa ndipo ile 7805 yako inapofaa, Papa, kwa sababu nyingine kabisa. Volti 5 kwenye kigawa-volti cha NTC *na* kwenye potansiometa, zote mbili, usiache moja kwenye batri. LM358 na baza zibaki kwenye 12. Miliwati zinashuka hadi 0,6 na kosa linakuwa theluthi moja ya digrii. Vifaranga hawataiona.

Papa_Kampemba

Nilisema 7805 tangu mwanzo, hahaha. Iandikwe.

Fiston_Ruashi

Imeandikwa papa. Ila volti zikiwa 5 si tunapoteza ile milivolti 127?

DadaSolda

Zinashuka hadi 53 kwa digrii. Bado ni mara mbili ya mwanzo, na LM358 haina njaa ya mkondo kama besi. Makosa yake ya ndani ni milivolti chache, na hata hayo yanafutwa unaporekebisha.

Sasa ya kukatika-katika. Hewa juu ya mbabula haitulii, inacheza robo digrii juu na chini, na pale kwenye mpaka LM358 inafuata kila mchezo. Unganisha rezistansi ya megaomu 1 kutoka mguu 1 kurudi mguu 3. Kengele ikilia, mguu 1 unapanda hadi karibu 10,5 na ile megaomu inauvuta mguu 3 juu kwa milivolti 47. Katika volti 5 hiyo ni kama digrii 0,9. Yaani ikishaanza kulia kwenye 30 haitanyamaza mpaka karibu 31, makala yakiwa yameshika kweli. Kisha rekebisha ule mpaka wa digrii 30 kwa mara ya mwisho, rezistansi hiyo ikiwa tayari mahali pake, kwa sababu nayo inausogeza.

Papa_Kampemba

Mimi ningeweka kiloomu 470. Digrii moja kwa mbabula ni kidogo. Mama akifungua mlango tu hewa ya nje inaingia na kengele inaanza.

DadaSolda

Kwa 470 pengo ni karibu digrii 1,9. Kengele italia muda mrefu baada ya makala kuwekwa, na mtu akichoshwa na kelele atang'oa waya wa batri. Ninajua mafundi wanaopenda pengo pana. Mimi kwa kengele ya kuamsha mtu napenda jembamba.

Papa_Kampemba

Basi angoe waya, vifaranga watakuwa wameshapata joto.

Kadutu_Bwoy

Nimegeuza LDR, nimeweka bomba. Kuwaka-zima kumepungua sana ila bado mara mbili tatu jioni. Sasa megaomu 1 na mimi niweke?

DadaSolda

Taa yako inaendeshwa na transista tupu au na LM358?

Kadutu_Bwoy

Transista na relei.

DadaSolda

Hapo megaomu haitoshi, na kwenye transista moja tupu haina pa kurudi kwa upande sahihi, kolekta inashuka wakati besi inapanda. Jenga kama ya Fiston, LDR ikae mahali pa NTC, maana gizani nayo inapanda. Ila usinakili kiloomu 10 ya juu. Pima LDR yako jioni, saa ile hasa unayotaka taa iwake, na namba utakayoipata ndiyo uiweke juu. LDR mbili za mfuko mmoja zinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo namba yangu haitakusaidia. Na usisahau diodi kwenye relei.

Kadutu_Bwoy

Nitapima leo, kama mvua haitaanza.

Fiston_Ruashi

Ripoti: 78L05, megaomu 1, NTC kwenye usawa wa vifaranga. Inalia kipimajoto kikiwa kati ya 29 na nusu na 30, alfajiri batri ikiwa 11,9. Haikatiki-katiki tena. Swali la mwisho: panya. Waya wa NTC unapita kwenye boriti na wameshaanza kuutafuna. Wakiukata?

DadaSolda

Ukikatika, NTC inaonekana kama haina mwisho, mguu 3 unapanda hadi 5, na kwa LM358 hiyo ni baridi kali. Kengele italia na haitanyamaza hata ukiongeza makala. Hiyo ni bahati ya NTC yenyewe, maana baridi ndiyo inayoipandisha. Hatari ni meno yakigusanisha nyaya mbili bila kuzikata: hapo inaonekana joto kali na hakuna sauti yoyote. Pitisha kila waya kwenye kijibomba chake, zisiwe zimesokotwa pamoja. Na jioni mama achomoe waya mmoja wa NTC kwa sekunde moja. Baza isipolia, kuna kitu.

MamaVifaranga

Na wewe Fiston uweke chambo cha panya, hiyo haihitaji LM358.